Malaria Kigali: Kwa nini herufi moja huidhoofisha dawa na nyingine haibadilishi kitu?

Kutoka Gisimenti, kitongoji cha Remera kinachofahamika kwa barabara yake inayofungiwa magari mwishoni mwa juma, gari linaloelekea mashariki hupita karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe kabla ya kuingia Masaka, pembezoni mwa jiji la Kigali. Ni safari fupi, na wengi huifanya kila siku bila kuiwazia. Lakini kwa watafiti wa malaria, jina la Masaka limekuwa na uzito wa pekee tangu mwaka 2020.

Mwaka huo, jarida la kisayansi la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya wagonjwa wa malaria nchini Rwanda. Katika sampuli 257 zilizotoka Masaka, 19 zilikuwa na vimelea vyenye badiliko moja katika jeni iitwayo K13. Badiliko hilo, ambalo wataalamu huliandika R561H, huvisaidia vimelea kuhimili kwa kiasi dawa ya artemisinini, ambayo ni nguzo ya dawa mseto zinazotumika karibu kote Afrika. Vimelea hivyo havikuwa vimeletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambako usugu wa aina hiyo ulijulikana kabla. Uchunguzi wa vinasaba vyao vyote ulionyesha kwamba vilizaliwa humu humu nchini.

Jambo la kushangaza ni udogo wa badiliko lenyewe. Katika urefu wote wa jeni hiyo, ni herufi moja tu iliyobadilika. Hata hivyo, maabara zinazochunguza jeni ya K13 hukuta mara kwa mara mabadiliko mengine ya herufi moja ambayo hayana athari yoyote kwa dawa, na huyaweka kando. Je, mtaalamu anajuaje kwamba herufi hii ni ya hatari na ile jirani yake si kitu? Jibu limo katika namna chembe hai zinavyousoma ujumbe wa vinasaba, herufi tatu kwa wakati mmoja.

Maneno ya herufi tatu

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Chembe hai kwanza hunakili maelekezo hayo kutoka kwenye DNA na kuyaandika upya katika uzi mwingine uitwao RNA mjumbe, kwa kifupi mRNA. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na U. Katika DNA, mahali pa U huwa T, na ndiyo maana ripoti za maabara huandika T pale ambapo makala hii inaandika U.

Protini, kwa upande wake, ni mnyororo wa viungo viitwavyo asidi amino, ambavyo kwa kawaida ni vya aina 20. Kama kila herufi moja ingetaja asidi amino moja, zingetajwa nne tu. Kwa herufi mbili mbili zingepatikana jozi 16, ambazo bado hazitoshi. Kwa herufi tatu tatu hupatikana mafungu 64, na hapo kuna nafasi ya kutosha na ya ziada. Kila fungu la herufi tatu huitwa kodoni. Kodoni 61 hutaja asidi amino, na tatu zilizobaki, yaani UAA, UAG na UGA, ni alama za kukomesha usomaji.

Usomaji huanzia mahali maalumu na kwenda mbele bila kuruka herufi, bila kuirudia, na bila alama yoyote ya kutenganisha neno na neno. Kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Protini ya K13 ina asidi amino 726. Anayetaka kujua nafasi ya 561 iko wapi katika jeni huzidisha 561 kwa tatu na kupata 1683. Kodoni ya nafasi hiyo basi ni herufi ya 1681, ya 1682 na ya 1683.

Katika kimelea cha kawaida cha malaria, herufi hizo tatu ni CGU, na maana yake ni asidi amino iitwayo arginini, ambayo alama yake ya kimataifa ni R. Katika vimelea vya Masaka, herufi ya 1682 imebadilika kutoka G kuwa A. Kodoni imekuwa CAU, na maana yake ni histidini, yenye alama H. Hivyo ndivyo jina R561H lilivyopatikana: R ya zamani, nafasi ya 561, na H mpya.

Herufi moja, njia tisa

Kodoni CGU ina herufi tatu, na kila moja inaweza kubadilika kuwa mojawapo ya herufi tatu nyingine. Kwa hiyo kuna njia tisa za kukosea herufi moja katika kodoni hiyo, na inafaa kuzipitia zote.

Ikibadilika herufi ya kwanza, UGU hutaja sisteini, AGU hutaja serini, na GGU hutaja glisini. Ikibadilika ya pili, CAU hutaja histidini, CCU hutaja prolini, na CUU hutaja leusini. Katika njia hizi sita, asidi amino nyingine huingia mahali pa arginini na protini inakuwa imebadilika.

Ikibadilika herufi ya tatu, mambo ni tofauti kabisa. CGC ni arginini, CGA ni arginini, na CGG pia ni arginini. Herufi imebadilika, lakini protini imebaki ile ile. Mtaalamu akikuta badiliko la namna hiyo katika nafasi ya 561, hataliandika R561H bali R561R, yaani arginini imekwenda na arginini imerudi. Dawa haina habari na badiliko hilo, kwa sababu protini inayotengenezwa ni ile ile.

Hali hii ya asidi amino moja kuwa na kodoni nyingi si ya arginini peke yake. Arginini ina kodoni sita, leusini sita, glisini nne, histidini mbili. Katika nyingi kati yake, tofauti iko kwenye herufi ya tatu. Ni kana kwamba msomaji anazitazama herufi mbili za kwanza kwa makini na kuipitia ya tatu kwa jicho jepesi. Na kweli, hivyo ndivyo ilivyo.

Mchukuzi mwenye ncha mbili

Kodoni haiishiki asidi amino moja kwa moja. Kati yao kuna mchukuzi, nao ni uzi mfupi wa RNA uitwao tRNA, wenye herufi zipatazo 76. Mwaka 1965, mwanasayansi wa Marekani Robert Holley na wenzake walifaulu kwa mara ya kwanza kusoma herufi zote za tRNA moja, waliyoipata katika hamira. Mwaka 1968 Holley alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Har Gobind Khorana na Marshall Nirenberg, waliofumbua maana ya kodoni.

Ikichorwa kwenye karatasi, tRNA hujikunja na kufanana na jani lenye vipande vitatu na kikonyo, kwa sababu sehemu zake kadhaa huoana zenyewe kwa zenyewe. Lakini ndani ya chembe hai jani hilo hukunjwa tena, likawa na umbo la herufi L. Ncha mbili za L hiyo ziko mbali, kama nanomita saba, na kila moja ina kazi yake.

Ncha ya kwanza huishia kwa herufi CCA, na hapo ndipo asidi amino hufungwa. Ncha ya pili ina herufi tatu zinazoitwa antikodoni, nazo ndizo huoana na kodoni ya mRNA. Kanuni ya kuoana ni kwamba C huoana na G, na A huoana na U. Nyuzi hizo mbili hukutana zikielekea pande tofauti, kama watu wawili wanaopeana mikono, kwa hiyo herufi ya kwanza ya antikodoni hukutana na herufi ya tatu ya kodoni.

Mkutano huo hufanyika ndani ya ribosomu, mtambo mdogo unaotengeneza protini. Ribosomu haiulizi mchukuzi amebeba nini. Huangalia tu kama antikodoni imeoana na kodoni, kisha huuunga mzigo kwenye mnyororo. Kazi ya kuhakikisha kwamba kila mchukuzi amepakiwa asidi amino iliyo yake hufanywa mapema, na vimeng'enya maalumu.

Kulegea kwa herufi ya tatu

Kama kila kodoni ingehitaji mchukuzi wake, chembe hai ingelazimika kuwa na tRNA za aina 61. Lakini vinasaba vya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, vina jeni za tRNA zipatazo 45 tu katika kiini chake. Wachukuzi ni wachache kuliko maneno, na bado maneno yote husomwa.

Mwaka 1966, Francis Crick alieleza jinsi jambo hilo linavyowezekana. Alipendekeza kwamba herufi mbili za kwanza za kodoni hulazimika kuoana kikamilifu, lakini ya tatu huruhusiwa kulegea kidogo. Katika nafasi hiyo, G ya antikodoni inaweza kuoana na C, kama kawaida, au na U. Aidha, U ya antikodoni inaweza kuoana na A au na G. Na kuna herufi ya tano, inosini, inayoandikwa I, ambayo hutengenezwa kwa kuigeuza A baada ya tRNA kuundwa. Inosini huweza kuoana na U, na C, na A. Holley alikuwa ameikuta inosini mahali hapo hapo, katika antikodoni ya tRNA aliyoisoma.

Uthibitisho wa karibu zaidi ulipatikana mwanzoni mwa karne hii, pale kundi la Venki Ramakrishnan lilipopata picha za ribosomu ya bakteria zinazoonyesha mpangilio wa atomu zake. Ilionekana kwamba ribosomu hunyoosha herufi zake chache na kuzigusa jozi za kwanza na ya pili, kama fundi cherehani anayepapasa mshono kwa kidole. Jozi yenye kasoro katika nafasi hizo haipiti kirahisi. Jozi ya tatu haikaguliwi kwa ukali huo, kwa hiyo iliyolegea hupita. Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya ribosomu.

Sasa turudi kwenye herufi ya 1682

Kwa kanuni hizo, mtu anaweza kufuatilia kinachotokea ndani ya kimelea cha Masaka hatua kwa hatua.

Katika kimelea cha kawaida, ribosomu hufika kwenye kodoni CGU. Kwa viumbe ambavyo chembe zao zina kiini, na kimelea cha malaria ni mmojawapo, mchukuzi wa kodoni hii ana antikodoni ICG. C ya kwanza huoana na G, G ya pili huoana na C, na U ya tatu hukutana na inosini. Arginini huungwa. Kama herufi ya tatu ingekuwa C au A, inosini ingeipokea vilevile, mchukuzi angekuwa yule yule na mzigo ule ule. Ikiwa ni G, mchukuzi mwingine wa arginini huhitajika, lakini naye hubeba arginini.

Katika kimelea chenye badiliko, kodoni ni CAU. Mchukuzi wa arginini akijaribu kuingia, jozi ya kwanza itakubali, lakini katika ya pili A itakutana na C. Hizo hazioani, na hapo ribosomu haina ulegevu. Mchukuzi huyo hukataliwa. Badala yake huingia mchukuzi wa histidini, mwenye antikodoni GUG. C huoana na G, A huoana na U, na katika nafasi ya tatu U hukutana na G. Jozi hii ya mwisho si kamili, lakini ni ile inayoruhusiwa na kanuni ya Crick. Histidini huungwa.

Kwa hiyo ulegevu uko katika nyuzi zote mbili, ya kawaida na iliyobadilika. Ulegevu huo ndio unaozifanya herufi nyingi za tatu kuwa na makosa yasiyodhuru. Lakini hauwezi kuikinga herufi ya pili.

Na ni herufi hiyo ya pili inayojitokeza tena na tena katika eneo hili. Kaskazini mwa Uganda, watafiti walieleza mwaka 2021 juu ya mabadiliko A675V na C469Y katika jeni hiyo hiyo. Nchini Eritrea kumeonekana R622I. Mtu akichukua jedwali la kodoni na kutafuta badiliko la herufi moja linaloweza kugeuza alanini kuwa valini, sisteini kuwa tirosini, au arginini kuwa isolusini, atakuta kwamba katika kila hali ni lazima iwe herufi ya pili. R561H yenyewe imeonekana pia ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania.

Badiliko hilo humfanyia nini mgonjwa?

Artemisinini haiui ikiwa imetulia. Huamshwa pale kimelea kinapomeza hemoglobini ya chembe nyekundu ya damu na kuimeng'enya, kwa kuwa umeng'enyaji huo huachilia himu yenye madini ya chuma, nayo huiwasha dawa. Protini ya K13 ni mojawapo ya zinazokisaidia kimelea kumeza hemoglobini. K13 ikipungua au ikidhoofika, kimelea kichanga humeza kidogo, chuma hupungua, na dawa huwaka kwa uhafifu. Baadhi ya vimelea hunusurika saa zile chache ambazo artemisinini iko kwenye damu.

Daktari huliona jambo hilo kwa darubini. Mgonjwa aliyeanza dozi sahihi ya dawa mseto hutazamiwa kuwa na damu isiyo na vimelea siku ya tatu. Ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa waliotibiwa ipasavyo bado wana vimelea siku hiyo, Shirika la Afya Duniani huichukulia kuwa ishara ya kushuku usugu wa kiasi. Katika uchunguzi uliofanyika Rwanda mwaka 2018, kiwango hicho kilivukwa Masaka na Rukara, na R561H ilikutwa katika wagonjwa 28 kati ya 218 waliochunguzwa katika vituo vyote, sawa na asilimia 13.

Hata hivyo, katika uchunguzi huo huo, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa walipona kwa dawa ya artemetha na lumefantrini. Sababu ni kwamba dawa mseto ina washirika wawili. Lumefantrini hukaa mwilini kwa siku nyingi na humalizia vimelea vilivyoachwa. Hatari ni kwamba mzigo wote humwelemea mshirika huyo mmoja, na naye akishindwa, hakutakuwa na wa kumalizia kazi. Ndiyo maana dozi zote sita za siku tatu zina uzito, hata kwa mgonjwa ambaye homa yake imeshuka siku ya pili.

Mahali ambapo usomaji huweza kupotosha

Maabara hupata majibu yake kutokana na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu. Sehemu ya jeni ya K13 huzalishwa kwa wingi, kisha herufi zake husomwa na mashine inayochora vilele vya rangi nne, kila rangi ikiwa na herufi yake. Kilele cha G katika nafasi ya 1682 kina maana ya kimelea cha kawaida, na kilele cha A kina maana ya R561H.

Ugumu huja pale vilele viwili vinapopandana mahali pamoja. Kimelea kilicho katika damu ya binadamu kina nakala moja tu ya kila jeni, kwa hiyo vilele viwili humaanisha kwamba mgonjwa ana vimelea vya aina mbili, vingine vyenye G na vingine vyenye A. Ikiwa vyenye A ni vichache sana, kilele chao hupotea katika kelele za mashine, na mgonjwa huhesabiwa kuwa hana badiliko.

Kosa la pili ni la hesabu. Ripoti inayosema tu kwamba kuna badiliko katika kodoni ya 561 haijasema lolote la maana mpaka itaje herufi. Likiwa katika herufi ya 1683, ni arginini kwa arginini. Likiwa katika ya 1682, ni jambo jingine.

Na hata badiliko linalogeuza asidi amino haliwi la usugu kwa sababu hiyo tu. Protini nyingi huvumilia kubadilishwa kiungo kimoja, na katika Afrika kuna badiliko la K13 liitwalo A578S ambalo limeonekana sehemu nyingi bila kuambatana na usugu. Jedwali la kodoni humwambia mtafiti kwamba protini imebadilika, na linaishia hapo. Ndiyo sababu watafiti wa R561H hawakuridhika na kusoma herufi. Waliliingiza badiliko hilo katika vimelea vya maabara ambavyo havikuwa nalo, wakavitia katika artemisinini, na kuona kwamba vilinusurika kuliko vile vya kawaida. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba A iliyokaa mahali pa G huko Masaka ndiyo yenyewe iliyoleta tofauti.